Nguzo ikinywea, usiharakishe kusema kuna anayeuza: kusoma histogramu ya MACD na mstari wa sifuri kwenye koini za kurukaruka

Koini ya kidijitali imelala siku kadhaa, halafu mshumaa mmoja wa muda wa saa nne unairusha asilimia 20. Baada ya hapo bei inakaa palepale juu, haipandi wala haishuki. Ukitazama chini ya chati, nguzo za histogramu zinaendelea kurefuka kwa muda, kisha zinaanza kunywea moja baada ya nyingine, rangi inafifia, na mwisho zinageuka nyekundu. Wengi husema hapo kwamba nguvu imeisha na wauzaji wameingia. Nami niliuza mara nyingi kwa sababu hiyo, hadi siku nilipochukua kalamu nikapiga hesabu ya nguzo zenyewe. Niligundua kwamba sehemu kubwa ya nilichokuwa nakisoma kama uuzaji ilikuwa mwangwi wa ule mshumaa mmoja.

Mwongozo huu ni wa kutenganisha mwangwi na mauzo au manunuzi ya kweli. Kwenye chati tulivu suala hili halisumbui sana. Kwenye koini, ambako mshumaa mmoja unaweza kubeba mwendo wa mwezi mzima, ndilo linaloamua kama kiashiria kinakusaidia au kinakudanganya.

Hatua ya kwanza: jua sifuri unayoitazama

Gerald Appel aliitengeneza MACD mwishoni mwa miaka ya 1970. Ni tofauti ya wastani wawili wa bei unaosogea: EMA ya mishumaa 12 toa EMA ya mishumaa 26. Tofauti hiyo ndiyo laini ya MACD. Halafu laini yenyewe inapigiwa wastani wake wa mishumaa 9, nao unaitwa laini ya ishara. Histogramu ilikuja baadaye, mwaka 1986, pale Thomas Aspray alipochukua umbali kati ya laini hizo mbili na kuuchora kama nguzo. Alitaka kuona makutano ya laini yakikaribia kabla hayajafika, kwa kuwa MACD peke yake huchelewa.

Kwa hiyo kwenye kisanduku kimoja kuna mistari miwili ya sifuri iliyolaliana, na watu huichanganya kila siku. Nguzo ikivuka sifuri, maana yake ni kwamba laini ya MACD imeikata laini ya ishara. Laini ya MACD ikivuka sifuri, maana yake ni kwamba EMA 12 imeikata EMA 26. La kwanza linazungumzia mwendo kupungua au kuongezeka. La pili linazungumzia bei za karibuni kuwa juu au chini ya bei za zamani kidogo. Mtu akikwambia "MACD imevuka sifuri", muulize ni ipi kati ya hizo mbili. Nusu ya ubishi huishia hapo.

Tumia mipangilio ya kawaida ya 12, 26, 9 juu ya bei ya kufunga, na usihesabu nguzo ya mshumaa ambao haujafungwa. Nguzo hiyo hupumua juu na chini pamoja na bei, na kwenye koini inaweza kubadili rangi mara kumi kabla saa nne hazijaisha. Soko la koini halifungi usiku wala mwisho wa wiki, kwa hiyo kufunga kwa mshumaa ni mkataba tu. Chati nyingi hufunga siku saa sita usiku kwa UTC. Ukiweka mishumaa ya siku inayofungwa saa nyingine, utapata nguzo nyingine kabisa, hata kama bei ni ileile.

Hatua ya pili: ijue kanuni ya robo

Hii ndiyo sehemu iliyonibadilisha, na hesabu yake ni fupi. Laini ya ishara, kwa kuwa ni EMA ya mishumaa 9, husogea kuelekea MACD kwa sehemu moja ya tano ya umbali uliopo, kila mshumaa. Haisubiri bei ifanye lolote. Kwa hiyo MACD ikisimama palepale ilipo, nguzo inayofuata itakuwa asilimia 80 ya nguzo ya sasa, na ile ya baadaye asilimia 80 ya hiyo, hivyo hivyo hadi iishe.

Ukiigeuza hesabu hiyo unapata kanuni: ili nguzo ibaki na urefu uleule, MACD lazima iongezeke kwa robo ya urefu wa nguzo ya sasa. Ikiongezeka zaidi ya robo, nguzo inarefuka. Ikiongezeka chini ya robo, nguzo inafupika, hata kama bei inapanda.

Soma tena hiyo ya mwisho. Nguzo inaweza kunywea wakati bei inapanda. Kadiri nguzo ilivyo ndefu ndivyo deni la robo linavyokuwa kubwa, na mshumaa mmoja wa kishindo huacha nguzo ndefu sana. Soko linatakiwa likimbie ili tu nguzo isifupike.

Hatua ya tatu: fanya jaribio la bei iliyosimama

Tuchukue koini ya mfano. Bei imekaa 100 kwa muda mrefu kiasi kwamba wastani wote uko 100 na MACD ni sifuri. Mshumaa mmoja unafunga 120. Baada ya hapo kila mshumaa unafunga 120 kamili, bila kupanda wala kushuka hata senti. Hakuna soko la namna hiyo, lakini ndiyo njia safi ya kuona kiashiria kinasema nini pale ambapo soko halisemi kitu.

| Mshumaa | MACD | Nguzo |
|---|---|---|
| 1 | 1.60 | 1.28 |
| 2 | 2.83 | 2.01 |
| 4 | 4.45 | 2.43 |
| 8 | 5.55 | 1.56 |
| 12 | 5.25 | 0.43 |
| 14 | 4.88 | 0.01 |
| 15 | 4.67 | −0.16 |

Bei ilifanya kazi mshumaa wa kwanza tu. Hata hivyo nguzo zinaendelea kurefuka hadi mshumaa wa 4, na anayezitazama bila kutazama bei ataapa kwamba wanunuzi wanazidi kuingia. Kuanzia mshumaa wa 5 zinanywea. Mshumaa wa 15 nguzo inavuka sifuri kwenda chini, yaani laini zimekatana kwa namna ambayo vitabu vyote huiita ishara ya kuuza. Hakuna aliyeuza hata koini moja kwa bei ya chini. Laini ya MACD yenyewe, kwa upande wake, haivuki sifuri kamwe katika jaribio hili. Inarudi kuelekea sifuri taratibu na kubaki juu.

Namba hizi mbili, 4 na 15, zikariri kama umbo. Baada ya mshumaa wa kishindo unaofuatwa na utulivu, tegemea nguzo zirefuke kwa mishumaa kama minne na zivuke sifuri karibu na mshumaa wa 15. Kwenye chati ya saa nne hiyo ni siku mbili na nusu. Kwenye chati halisi namba zitasogea kidogo, maana bei haisimami na soko halikuwa limelala kabisa kabla ya kishindo, lakini umbo hilo utaliona mara nyingi mno ukishajua kulitafuta. Ukubwa wa kishindo haubadilishi kitu. Ungeanza na asilimia 5 au 60, nguzo zingekuwa fupi au ndefu, lakini mishumaa ingekuwa ileile.

Hatua ya nne: piga bei ambayo ingebadilisha jambo

Sasa tumia kanuni ya robo kujiuliza swali la maana: mshumaa ujao ufunge wapi ili nguzo isinywee? Tukae kwenye mshumaa wa 8 wa mfano wetu. MACD ni 5.55, nguzo ni 1.56. Robo ya nguzo ni 0.39, kwa hiyo MACD inatakiwa ifike 5.94. Bei ikibaki 120, MACD ya mshumaa wa 9 itakuwa 5.56. Kinachopungua ni 0.38.

Kwa mipangilio ya 12 na 26, kila nukta moja ya bei ya kufunga huisogeza MACD ya mshumaa huohuo kwa takriban 0.08. Inatokana na 2/13 toa 2/27. Gawanya 0.38 kwa 0.08 upate karibu 4.8. Bei inatakiwa ifunge kama 124.8, yaani ipande asilimia 4 zaidi ndani ya saa nne, ili nguzo isifupike tu. Ikifunga 123.6, ambayo ni asilimia 3 juu, nguzo itanywea na rangi itafifia. Ukiwa na mkono mwepesi utauza koini iliyopanda.

Igeuze sasa. Mshumaa wa 9 ufunge wapi ili nguzo ivuke sifuri mara moja? Hesabu hiyohiyo inatoa takriban 100.3, yaani mruko karibu wote urudishwe kwa mshumaa mmoja. Na ili laini ya MACD yenyewe ivuke sifuri kwa mshumaa mmoja, bei ingehitaji kufunga karibu na 50. Namba hizo tatu, 124.8, 100.3 na 50, zinakuambia uzito wa kila ishara pale ulipo. Kunywea kwa nguzo hakugharimu soko chochote, na ishara isiyogharimu kitu haithibitishi kitu. Kuvuka sifuri kwa nguzo kabla ya wakati wake kunagharimu sana. Kuvuka sifuri kwa MACD hapa kungekuwa maafa ambayo usingehitaji kiashiria kuyaona.

Hatua ya tano: chora mwangwi kwenye chati

Huhitaji kupiga hesabu hizi kwa mkono kila saa nne. Kuna mkato mzuri: tofauti kati ya nguzo halisi na nguzo ambayo ingekuwepo kama bei ingesimama ni asilimia 6.4 ya badiliko la bei la mshumaa huo, basi. Ni lile 0.08 likizidishwa na 0.8. Kwa hiyo ukiondoa kiasi hicho kutoka kwenye nguzo halisi, unabaki na mwangwi. Kwenye TradingView msimbo wake ni huu:

```
//@version=5
indicator("Mwangwi wa MACD")
[m, s, h] = ta.macd(close, 12, 26, 9)
k = 0.8 * (2.0/13 - 2.0/27)
mwangwi = h - k * (close - close[1])
plot(h, style=plot.style_columns)
plot(mwangwi, color=color.orange)
```

Andika 2.0, usiandike 2, la sivyo mgawanyo wa namba kamili utakupa sifuri na laini ya rangi ya chungwa italala juu ya vichwa vya nguzo. Ukibadili 12, 26 au 9, k nayo lazima ibadilike.

Laini hiyo ni nguzo tarajiwa. Nguzo halisi ikiishia palepale kwenye laini, soko halikusema neno jipya katika mshumaa huo. Ikiipita kwenda juu, wanunuzi wamesukuma. Ikibaki chini yake, wauzaji wamesukuma. Sasa rangi iliyofifia haikutishi tena, kwa sababu unajua ingefifia tu.

Turudi kwenye mfano tuone mauzo ya kweli yanafananaje. Hadi mshumaa wa 8 bei ni 120. Mshumaa wa 9 unafunga 114, wa 10 unafunga 111, wa 11 unafunga 108. Mwangwi wa mshumaa wa 9 ulikuwa 1.26, nguzo halisi ikaja 0.87. Wa 10, mwangwi ulikuwa 0.36, nguzo ikaja 0.17. Wa 11, mwangwi ulikuwa −0.33, nguzo ikaja −0.52. Mara tatu mfululizo nguzo imeangukia upande uleule wa matarajio, na sifuri imevukwa mshumaa wa 11 badala ya 15. Huo ndio ushahidi ninaoukubali: nguzo imevuka kabla ya ratiba ya mwangwi, na imevuka kwa hatua kadhaa zinazofuatana. Kunywea peke yake siandiki hata kwenye daftari.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wauzaji wa mafunzo hawapendi kulisema. Kama kitu kipya ndani ya nguzo ni badiliko la bei la mshumaa huo tu, basi histogramu si shahidi wa pili. Ni bei ileile imevaa kanzu nyingine. Anayesema "bei imevunja, histogramu imegeuka, na MACD imekatana, nina uthibitisho mara tatu" ana uthibitisho mmoja aliouhesabu mara tatu. Kazi halali ya histogramu ni kukupimia mwendo kwa kipimo kisichobadilika, ili usitegemee jicho. Ukitaka shahidi mwingine, tafuta kisichotokana na bei ya kufunga. Kiasi cha miamala ndicho kilicho karibu zaidi, nacho kwenye koini ndogo kinahitaji tahadhari kwa sababu wapo wanaojiuzia wenyewe ili kionekane kikubwa.

Hatua ya sita: pindua yote kwa upande wa kushuka

Upande huu ndio unaochoma watu zaidi, kwa sababu ndiko wanakonunua. Koini ikianguka ghafla kutoka 100 hadi 80, kila kitu kwenye jedwali kinajirudia kwa alama hasi. Nguzo nyekundu zinarefuka kwa mishumaa minne, zinaanza kufupika, na karibu na mshumaa wa 15 zinavuka sifuri kwenda juu. Anayesubiri "histogramu igeuke" ananunua mshumaa wa 5. Lakini angalia kanuni ya robo inavyomgeuka: kwenye mshumaa wa 8, bei inaweza kushuka kutoka 80 hadi 76, asilimia 5 nyingine ndani ya saa nne, na nguzo bado ikafupika kuelekea sifuri. Chati itamwonyesha nafuu wakati akiba yake inaisha.

Tarehe 12 Machi 2020 bitcoin ilipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake kwa siku moja. Kwa mshumaa mkubwa namna hiyo, baada ya siku chache nguzo zilikuwa lazima zifupike hata bei ingetambaa chini. Safari hiyo bei iliinuka kweli, na watu wakalisifu kiashiria. Koini nyingi ndogo zilizoporomoka kwa mtindo huohuo zimetoa nguzo za namna ileile bila kuinuka. Kwa hiyo baada ya anguko, nguzo inayofupika isome hivi tu: bei haianguki tena kwa mwendo wa ule mshumaa mkubwa. Haisemi imesimama, sembuse kusema inapanda.

Ninachofanya mimi baada ya anguko ni kusubiri nguzo ivuke mwangwi wake kwenda juu angalau mara mbili mfululizo, huku bei ikifunga juu ya kilele cha mshumaa wa kawaida uliotangulia. Hata hapo, kama laini ya MACD bado iko chini ya sifuri, naingia kwa nusu ya kiasi changu cha kawaida, na oda ya kukata hasara naiweka chini ya utambi wa anguko. Siiweki mahali ambapo MACD itaharibika, kwa kuwa bei ya hapo hubadilika kila mshumaa. Pamoja na yote, MACD haina la kusema kuhusu wapi hasara ikatwe.

Hatua ya saba: pima kina cha MACD inapovuka sifuri

Laini ya MACD ikivuka sifuri, ushahidi ni mzito kuliko nguzo, kwa sababu huchukua mishumaa mingi kuufikia. Lakini nao una mwangwi wake, na unatokana na mshumaa mmoja unaofunga mbali na majirani zake. Chukua koini ileile ya 100. Mshumaa mmoja unafunga 120, unaofuata unafunga 100 tena, na bei inabaki 100. Mruko ulikuja ukaenda. EMA 12 inausahau haraka, EMA 26 inaukumbuka zaidi, na matokeo yake ni kwamba EMA ya 12 inashuka chini ya ile ya 26 ingawa bei iko palepale ilipoanzia. Kuuhesabu mruko kama mshumaa wa kwanza, MACD inavuka sifuri kwenda chini kwenye mshumaa wa 10. Mtazamaji anaona mwelekeo umegeuka kuwa wa kushuka, na hakuna mwelekeo wowote.

Kinachokuokoa ni kina. Pale inapovuka, MACD hiyo ni takriban −0.06, ambayo ni asilimia 0.06 ya bei. Ni nywele. Kwa hiyo usiulize tu kama imevuka, uliza imevuka kwa kiasi gani ukilinganisha na mwendo wa kawaida wa mshumaa wa koini hiyo. Kipimo cha mwendo huo ni ATR; weka ile ya mishumaa 14 kwenye chati. Mimi sihesabu kuvuka sifuri mpaka MACD ipite sifuri kwa robo ya ATR. Robo hiyo ni chaguo langu tu, halina utakatifu. Rudi nyuma kwenye chati yako, tazama mivuko kumi au kumi na tano iliyopita, uone ile iliyofuatwa na mwendo ilifika kina gani na ile iliyorudi siku hiyohiyo iliishia wapi. Koini nyingine zitahitaji theluthi.

Sharti la pili ni kutazama nyuma mishumaa 26. Kama ndani yake mna mshumaa mmoja mkubwa mara tatu au nne kuliko majirani zake, na MACD inavuka sifuri kuelekea upande ulio kinyume na mruko wake huku bei ya sasa ikiwa imelala, huo ni mwangwi hadi uthibitishwe vinginevyo. Kama mishumaa 26 ni ya ukubwa unaolingana na bei imetambaa upande mmoja, kuvuka huko kumejengwa na mishumaa mingi, na hapo natoa uzito wote.

Na bei ikiwa inazunguka ndani ya kiboksi, MACD itavuka sifuri juu na chini kila baada ya siku chache bila maana yoyote. Utaijua hali hiyo kwa macho: laini imejikunyata karibu na sifuri, kina hakifiki robo ya ATR, nguzo ni vibonge vidogo vinavyobadilishana rangi. Zima kiashiria, subiri kiboksi kivunjwe.

Mitego miwili ya koini yenyewe

Wa kwanza ni kulinganisha nguzo za zamani na za sasa. MACD iko kwenye kipimo cha bei. Koini iliyopanda kutoka 2 hadi 20 itakuwa na nguzo mara kumi, hata kama msukumo kwa asilimia ni uleule, na zile za mwanzo zitaonekana kama vumbi. Ukitaka kusema "kilele hiki cha nguzo ni kifupi kuliko kile cha miezi mitatu iliyopita", tumia PPO, ambayo ni MACD ikigawanywa kwa EMA 26 na kuzidishwa kwa 100. Ni kiashiria kilekile kwa asilimia. Mitengano mingi kati ya vilele vya bei na vya nguzo inayochorwa kwenye koini zilizopanda mara tano au sita hutoweka ukihamia PPO, na mingine ambayo haikuonekana hujitokeza.

Wa pili ni koini iliyoorodheshwa juzi. EMA hubeba kumbukumbu ya mahali ilipoanzia. Baada ya mishumaa 26, bei ya mwanzo bado ina uzito wa karibu asilimia 13.5 ndani ya EMA 26, na bei ya mwanzo ya koini mpya mara nyingi ndiyo ya ajabu kuliko zote, kwa kuwa dakika za kwanza za soko huwa vurugu. Baada ya mishumaa 100 uzito huo umeshuka chini ya asilimia 0.1. Kwenye chati ya saa nne, mishumaa 100 ni siku kama 17. Kabla ya hapo, chati mbili za koini ileile kwenye masoko mawili zinaweza kukuonyesha nguzo za rangi tofauti kwa saa ileile, na zote zikawa zimepigwa hesabu sawasawa.

Ukilazimika kuifuata koini ya namna hiyo mapema, shuka kwenye chati ya dakika 15, ambako mishumaa 100 hukamilika ndani ya saa 25, na uanze kuhesabu baada ya vurugu za ufunguzi kupita.